Mitungi 400 inayobaki ardhini: hesabu ya kisima kimoja cha Utawala

Mwenye kisima alinijia jioni ya Jumapili na madaftari mawili kwapani. Ni jirani yangu, tunakaa mtaa mmoja wa Utawala, Nairobi, ng'ambo ya Eastern Bypass, na mimi hufundisha uchumi. Aliketi, akaweka madaftari mezani, akasema bila kuzunguka: "Mwalimu, nipigie hesabu. Vijana wangu wananiambia nipandishe bei ya mtungi wa maji hadi shilingi kumi na tano. Deni la benki linanikaba."

Nilimwambia, "Mzee, acha madaftari hapa wiki moja." Hesabu yenyewe haikuchukua wiki. Kilichochukua wiki ni kusafisha takwimu, na kisha kuamua la kufanya na nusu ya pili ya jibu, ile ambayo yeye hakuiuliza.

Kwanza hali ilivyo. Mabomba ya mtaa wetu hutoa maji kwa mgao, na kuna wiki hayatoi hata tone. Kisima chake ndicho cha pekee kinachofikika kwa miguu; kingine cha karibu kiko zaidi ya kilomita moja, upande wa pili wa barabara kuu. Wauza maji wa mkokoteni huleta kutoka huko na kuuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Kwa hiyo mzee si mhodhi, yaani muuzaji asiye na mshindani, wa maji ya Nairobi. Ni mhodhi wa maji ya mtaa huu tu, na mkokoteni ndio dari lake. Akipanda hadi karibu na 20, watu watamhama wote. Chini ya hapo, bei anaipanga yeye.

Nani anayekunywa, nani anayefua, nani anayejenga, yote hayo yamo ndani ya madaftari yale bila majina. Kijana anayesimamia mfereji hupiga alama moja kwa kila mtungi, na kila jioni anajumlisha. Wiki za mwanzo bei ilikuwa shilingi 5, na wastani ulikuwa mitungi 650 kwa siku. Baadaye mzee alipandisha hadi 8, na wastani wa wiki iliyofuata ukaanguka hadi 400.

Hapo ndipo wengi wangekimbilia kikokotoo, na hapo ndipo jibu lingeharibika. Tazama kinachotokea. Bei imepanda kwa shilingi 3, mauzo yameshuka kwa 250, yaani karibu mitungi 83 kwa kila shilingi. Ukinyoosha mstari huo hadi mauzo yaishe, unafika kwenye bei ya shilingi 12.80. Na kwa gharama yake ya shilingi 2 kwa mtungi, ambayo nitaieleza punde, bei bora ingekuwa shilingi 7.40. Yaani mzee angeambiwa kwamba shilingi 8 tayari imepita kiasi na ashuke.

Nilimwita kijana wa mfereji nikamwuliza kuhusu ile wiki ya shilingi 8 siku kwa siku. Jumanne na Alhamisi zilikuwa na mitungi 150 kila moja. Siku nyingine tano zilikuwa na wastani wa 500. "Siku hizo mbili maji ya bomba yalikuja, Mwalimu," akasema. Basi. Watu hawakukimbia bei. Walijaza matangi yao kwa maji ya bomba. Wiki za shilingi 5 mabomba yalikuwa makavu muda wote, kwa hiyo nilikuwa ninalinganisha watu wenye njia nyingine na watu wasio nayo. Bei ikibadilika, mnunuzi husogea juu ya mstari uleule wa mahitaji, ule unaoonyesha mitungi mingapi hununuliwa kwa kila bei. Bomba likitoa maji, mstari wenyewe unahama. Ukichanganya mambo haya mawili, mteremko utakaopata si wa mstari wowote uliopo. Dalili ya kosa hili ni mauzo yanayoruka ghafla kati ya siku na siku ilhali bei ni ileile. Niliziondoa siku hizo mbili.

Sasa nina nukta mbili safi: kwa shilingi 5, mitungi 650, kwa shilingi 8, mitungi 500. Kila shilingi moja inaondoa mitungi 50. Tukiita bei B na mitungi ya siku M, mstari ni huu:

M = 900 − 50B

Ukiugeuza ili bei ikae upande wake:

B = 18 − M/50

Ile 18 ni bei ambayo mauzo yangeisha kabisa. Nilifurahi kuona inakaa chini kidogo ya shilingi 20 za mkokoteni, kwa sababu ndivyo inavyopaswa kuwa: mkokoteni unakuletea mlangoni, kisima unakifuata mwenyewe na mtungi kichwani.

Kisha gharama. Hapa mzee alinipa orodha ndefu, na ilibidi tuigawe. Kuna pesa zinazotoka hata kama hakuuza mtungi mmoja: deni la kuchimba kisima, mlinzi wa usiku, ada za kibali. Alizijumlisha, tukagawa kwa siku, zikawa shilingi 1,400 kwa siku. Halafu kuna pesa zinazotoka kwa sababu mtungi mmoja zaidi umejazwa. Kijana wa mfereji hulipwa shilingi moja kwa kila mtungi. Stima ya pampu ilihitaji hesabu kidogo. Maji yanapandishwa kutoka kina cha karibu mita 200, na kuinua mita moja ya ujazo kiasi hicho kunataka takriban uniti 0.55 za stima kama pampu ingekuwa haipotezi kitu. Pampu za aina hii hupoteza karibu nusu, basi sema uniti 1.1. Kwa bili yake ya takriban shilingi 25 kwa uniti, mita moja ya ujazo inamla shilingi 27 na senti. Humo mna mitungi 50, kwa hiyo kila mtungi unakula senti 55 za stima. Ongeza klorini, maji yanayomwagika na uchakavu wa pampu, tukafika shilingi 2 kwa mtungi. Pampu yake hutoa mita 2.5 za ujazo kwa saa, hivyo kwa saa nane inaweza kujaza mitungi 1,000. Kiasi chochote nitakachokitaja hapa chini kinawezekana bila kuichosha.

"Lakini deni liko wapi kwenye hizo mbili?" mzee akauliza. "Deni lazima lilipwe na mtungi."

Hili ndilo jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na ninalielewa vizuri kwa nini linamsumbua mtu anayelipa deni kila mwezi. Nilimwuliza: "Mzee, ukiuza mitungi 300 leo benki inakudai kiasi gani? Ukiuza 700 inakudai kiasi gani?" Ni kiasi kilekile. Shilingi 1,400 zinaamua kama kisima kina faida au hakina. Haziamui bei gani inaleta faida kubwa kuliko nyingine, kwa maana unazitoa kutoka kwa kila bei sawasawa. Kama kilima kizima kimedidimia mita tano, kilele chake bado kiko palepale.

Basi kilele kiko wapi? Siku hizi mwanafunzi hufundishwa kanuni na kuitumia kabla hajaiona, kwa hiyo nilimwonyesha mzee kwa hatua za mitungi 50.

Akiuza mitungi 350, mstari unasema bei ni 11, na mapato ni shilingi 3,850. Akitaka kuuza 400, lazima ashushe hadi 10, na mapato ni 4,000. Mitungi 50 ya ziada imeleta shilingi 150, yaani shilingi 3 kwa mtungi, ingawa kila mmoja umeuzwa kwa 10. Shilingi 7 nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa wale 350 wa kwanza, ambao wangelipa 11 na sasa wanalipa 10. Mhodhi hawezi kumpunguzia mnunuzi mpya peke yake mbele ya foleni nzima. Akishusha, anawashushia wote. Hiyo ndiyo tofauti yake na mwenye mfereji mmoja kati ya mia, ambaye akiongeza mtungi bei ya soko haimsikii.

Shilingi 3 bado ni zaidi ya gharama ya 2, kwa hiyo hatua hiyo inafaa. Endelea. Kutoka 400 hadi 450, bei inashuka hadi 9 na mapato yanakuwa 4,050. Hamsini za ziada zimeleta shilingi 50, shilingi moja kwa mtungi, na kila mtungi umemla 2. Hatua hii inamrudisha nyuma. Asimame 400.

Kwa mlingano, ni kitu kilekile kimesemwa kwa haraka. Mapato ni bei mara mitungi:

Mapato = 18M − M²/50

Mapato ya mtungi mmoja wa ziada:

18 − M/25

Yalinganishe na gharama ya mtungi wa ziada:

18 − M/25 = 2, hivyo M = 400, na B = 18 − 400/50 = 10

Angalia kwamba mstari wa mapato ya ziada unaanzia palepale kwenye 18 lakini unateremka kwa kasi mara mbili ya ule wa mahitaji. Mara mbili hiyo inatoka kwenye mlingano ambao bei imekaa peke yake. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mwanafunzi amechukua M = 900 − 50B, akaongeza 50 kuwa 100, akalinganisha na 2, akapata bei ya 8.98. Hilo ni kosa la hatari kwa sababu jibu linaonekana la maana kabisa. Mtu anaizungushia 9 na kuendelea. Kuna njia ya kujikagua. Mstari ukiwa mnyoofu na gharama ya kila mtungi ikiwa ileile, bei ya mhodhi hukaa katikati kamili ya bei inayomaliza mauzo na gharama: kati ya 18 na 2 ni 10. Na kiasi chake ni nusu ya kile ambacho kingeuzwa kwa bei ya gharama: kwa shilingi 2 zingeuzwa 800, nusu yake 400. Ukipata jibu lisilotimiza haya mawili, rudi nyuma, umekosea mahali.

Nilimwandikia mzee faida ya kila bei kabla ya kutoa zile 1,400. Kwa shilingi 5 anabaki na shilingi 3 kwa mitungi 650, yaani 1,950. Kwa 8 anapata 3,000. Kwa 10 anapata 3,200. Kwa 12 anarudi 3,000, na kwa ile 15 ya vijana wake, mitungi 150 mara shilingi 13, anarudi 1,950. Aliitazama karatasi kwa muda.

"Kwa hiyo kumi na tano ni sawa na tano?"

"Kwa mfuko wako ni sawasawa, Mzee. Kwa mtaa si sawa hata kidogo."

Alipanga 10 kuanzia Jumatatu. Wiki ya kwanza mabomba yalikuwa makavu, na daftari likaonyesha wastani wa mitungi 396 kwa siku. Mstari ulikuwa umeshika.

Cournot, Mfaransa aliyeandika hesabu ya mhodhi kwa mara ya kwanza kwa njia ya milingano mwaka 1838, alianza na mtu mwenye chemchemi ya maji ya madini isiyomgharimu kitu kuteka. Miaka karibu 190 baadaye nilikuwa nimeketi na mwenye chemchemi wa Utawala, ila yake ina bili ya stima.

Sasa nusu ya pili. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya wakazi, na hesabu niliyompa mzee iliwagusa watu wanaonichagua. Sikuweza kuiacha hapo.

Chukua mtungi wa 401. Kuna mtu mtaani ambaye angelipa karibu shilingi 10 kwa mtungi huo, pengine 9.98. Kuutoa ardhini kunagharimu 2. Hauuzwi. Mtu huyo amekosa, na mzee pia hakupata kitu. Thamani ya karibu shilingi 8 imebaki mita 200 chini. Mtungi wa 500 una mtu wa kulipa 8: zimepotea shilingi 6. Wa 700 una mtu wa kulipa 4: zimepotea 2. Ukifika 800 mtu wa mwisho analipa 2 tu, sawa na gharama, na hapo hakuna kinachopotea. Ukizipanga hasara hizi zote bega kwa bega unapata pembetatu: kitako chake ni mitungi kutoka 400 hadi 800, kimo chake shilingi kutoka 2 hadi 10.

½ × 400 × 8 = 1,600

Shilingi 1,600 kila siku, ambazo hazimwingii yeyote. Naiita hasara tupu, kwa kuwa hasara ya kawaida ya mtu mmoja ni pato la mwingine, na hii haina mwenyewe.

Kwenye mkutano wa kamati mama mmoja alisimama akasema tunaibiwa shilingi 8 kwa kila mtungi. Namheshimu, na uchungu wake una haki, lakini shilingi 8 hizo mara mitungi 400, yaani 3,200, si hasara tupu. Zimetoka mfukoni mwake na kuingia mfukoni mwa mzee. Unaweza kusema hazikupaswa kuhama, na hilo ni suala la haki, ila maji hayo yamechotwa na kutumika. Ukilinganisha na bei ya shilingi 2, wanunuzi wamepoteza jumla ya 4,800 kwa siku: 3,200 zimehama, 1,600 zimepotea. Anayejumlisha zote na kuziita hasara ya mtaa amehesabu mfuko wa mzee kama shimo. Tena kuna kipimo cha kujikagua: kwenye mstari mnyoofu kama huu hasara tupu ni nusu kamili ya faida ya mhodhi kabla ya gharama zisizobadilika. 3,200 kwa mbili ni 1,600.

Je, pembetatu hii naiamini kiasi gani? Bei nilizoziona kwa macho ni 5, 8 na 10. Shilingi 2 sikuiona kamwe. Huenda mstari unajipinda huko chini. Ndoo zikijaa, hata maji ya bure hayana pa kuwekwa. Tuseme kwa shilingi 2 zingeuzwa 720 badala ya 800. Kipande cha pembetatu kati ya 400 na 650, ambacho ncha zake zote mbili tumeziona, ni 1,375 na hakibadiliki. Ncha iliyobaki inapungua kutoka 225 hadi 105. Jumla inakuwa 1,480. Nimekosea sana kuhusu sehemu nisiyoijua, na jibu limesogea kidogo tu, kwa sababu pembetatu ni nyembamba huko mwishoni. Hasara kubwa iko karibu na mtungi wa 401, ambapo tuna ushahidi.

Upungufu mwingine ni mzito zaidi na hautibiki kwa takwimu. Mstari wa mahitaji unapima uwezo wa kulipa, hauwezi kupima shida. Mpangaji wa chumba kimoja anayepunguza mtungi mmoja na kuosha vyombo kwa maji aliyofulia ameandikwa kwenye pembetatu yangu kama shilingi tatu au nne. Kama mtoto wake ataugua tumbo, hiyo haimo. Kwa hiyo 1,600 ni hasara inayohesabika. Ya kweli ni kubwa zaidi.

Wanakamati wawili walitaka tupeleke malalamiko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza, katika kifungu cha 24, mwenye nguvu kubwa sokoni kutoza bei isiyo ya haki. Lakini haisemi shilingi ngapi ni haki kwa mtungi, na wengine walikuwa wanadai 2 pasipo kujua kwamba kwa shilingi 2 mzee angepoteza 1,400 zake zote kila siku na kisima kingefungwa kabla ya mvua. Bei ya chini kabisa ambayo angeweza kuishi nayo ni ile inayorudisha 1,400:

(B − 2)(900 − 50B) = 1,400

Mlingano huu una majibu mawili, 4 na 16. Kwa 4 zinauzwa 700 na zinabaki shilingi 2 kwa kila mmoja. Kwa 16 zinauzwa 100 na zinabaki 14. Pato ni moja, mtaa ni tofauti. Kwa shilingi 4 hasara tupu inakuwa ½ × 100 × 2, yaani shilingi 100 tu kwa siku.

Nilirudi kwa mzee na shilingi 5. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo lilinifaa kuliko mkutano wote: "Mwalimu, wewe ndiye uliyenionyesha kumi. Kwa nini nirudi tano?"

Kwa nini, kweli. Kwa 10 alikuwa anabaki na 1,800 baada ya kila kitu. Kwa 5 angebaki na 550. Ningekuwa ninamwomba zawadi ya shilingi 1,250 kila siku. Lakini hasara tupu ina sifa moja: kwa vile haina mwenyewe, ikipungua kuna kitu kipya cha kugawana. Bei ikishuka kutoka 10 hadi 5, wanunuzi wananufaika 2,625 kwa siku: shilingi 5 kwa kila mmoja wa mitungi 400 ya zamani, ambayo ni 2,000, na pembetatu ya 625 kwa mitungi 250 mipya. Mzee anapoteza 1,250. Wanunuzi wakimlipa zote 1,250, bado wanabaki na 1,375. Na 1,375 ni kipande kilekile cha pembetatu nilichokitaja juu, kile kati ya 400 na 650.

Ila malipo hayo hayawezi kuwekwa juu ya mtungi, maana yangerudisha bei palepale. Lazima yawe ada ya mwezi, isiyojali umechota mara ngapi. 1,250 kwa siku 30 ni 37,500. Nyumba zinazochota kwake ni 150, kwa hiyo 250 kila nyumba. Nilidhani nimemaliza.

Sikumaliza. Nyumba inayochota mitungi miwili kwa siku inaokoa shilingi 300 kwa mwezi, basi 250 inailipa. Mpangaji anayechota mmoja anaokoa 150. Ningekuwa nimewaokoa wote kwa jumla na kumkandamiza yuleyule aliyenifanya nianze. Wastani huficha watu. Tulipanga upya: vyumba vya mpangaji mmoja, ambavyo ni 50, vilipe 100, nyumba 100 zilizobaki zilipe 325. Jumla ni 37,500 ileile. Anayelipa 325 anahitaji kuchota zaidi ya mitungi miwili kwa siku ili apate nafuu, na nyumba zenye familia karibu zote zinapita hapo.

Mzee alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa la busara: asiyelipa ada anunue kwa 10. Nilimwonya kwamba mwenye kadi, yaani aliyelipa ada, atamchotea jirani yake kwa 5 na wagawane tofauti. Bei mbili kwa bidhaa moja zinadumu tu pale ambapo haiwezi kuuzwa tena, na mtungi wa maji unabebeka. Akasema anajua, kijana wa mfereji atapiga alama ya kadi, na siku moja moja atafumba macho.

Mwezi wa kwanza nyumba 138 zililipa, 12 zikabaki nje. Siku ambazo bomba halikutoa maji, wastani wa daftari ulikuwa mitungi 618. Siku mbili mauzo yalipita 700, na nilipouliza, kijana akaniambia kuna kadi moja iliyochota mara kumi na tisa.